Re: Slaidi zangu zinajaa maneno

"Bakubwa, shefu anasema slaidi zangu za raporo ya maji ni ndefu sana, nikate wapi?"

Ndugu, anza na kitendo. Ukiona "kulifanywa ukarabati", jua kitendo chenyewe ni kutengeneza na mutu alieifanya umemuficha. Angalia hii:

Mbele: Kwa kweli katika kipindi cha mwezi huu kulifanywa ukarabati wa bomba 12 za maji ambazo zilikuwa zimeharibika.

Kisha: Mafundi wa kartie walitengeneza bomba 12 za maji mwezi huu.

Maneno 17 yamekuwa 10. "Zilikuwa zimeharibika" imeenda juu bomba nzima haitengenezwi, na "kwa kweli" sijui ilikuwa inafanya nini pale 😅

Penye inakuwa nguvu ni "imeamuliwa malipo yasogezwe", pale usikate kwanza, uliza nani aliamua, kiisha andika "Komite imesogeza malipo mpaka Juni 15". Kama hakuna mwenye kukuambia, ile si shida ya maneno tena, na mutu wa nyuma kwa sale atakuuliza tu.

Lakini "Bomba 3 ziliibwa Ndosho" uiache hivyo, mwizi hajulikani. Ukiandika "wezi waliiba" hujaongeza kitu.