Isolusini, valini na mlango wa pili: majibu ya maswali yenu kuhusu tRNA

Shikamoo mwalimu. Kodoni zinazotaja asidi amino ni 61. Ina maana seli ina tRNA za aina 61? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga)

Marahaba. Hapana. tRNA ndiyo hubeba asidi amino, na antikodoni ni zile herufi tatu zake zinazosoma kodoni; aina za antikodoni huwa pungufu ya hapo, na sababu yake aliieleza Francis Crick mwaka 1966. Tuichukue asidi amino iitwayo isolusini, maana maswali mengi ya safari hii yanaigusa. Kodoni zake ni tatu: AUU, AUC na AUA. Herufi mbili za mwanzo hazibadiliki, inayobadilika ni ya tatu.

Sasa itazame tRNA yenye antikodoni GAU. Nyuzi mbili hukutana zikielekeana kinyume, kwa hiyo U ya mwisho wa antikodoni ndiyo inayoshikana na A ya mwanzo wa kodoni, A ya kati inashikana na U, halafu G inabaki na herufi ya tatu. G ikikuta C, mambo ni ya kawaida. Ikikuta U, inasogea kidogo pembeni na bado inashika. Basi tRNA hiyo moja imeshasoma AUU na AUC. Sisi binadamu tunakwenda mbali zaidi: A ya mwanzo wa antikodoni hugeuzwa kuwa inosini, nayo inosini hushika U, C na A, kwa hiyo kodoni zote tatu zinasomwa na tRNA moja.

Ulegevu huo hauruhusiwi kila mahali. Ribosomu, mashine ya seli inayounganisha protini, ina besi zake zinazopapasa umbo la jozi ya kwanza na ya pili, na jozi isiyokaa sawasawa hukataliwa. Jozi ya tatu haibanwi hivyo.

Kama herufi ya tatu imelegea, mbona AUA haisomwi kama AUG, yaani methionini? (Msomaji, Eldoret)

Umeshika penyewe. U ya kawaida mwanzoni mwa antikodoni ingeweza kushika A na G pia, kwa hiyo tRNA ya isolusini yenye antikodoni UAU ingekuwa hatari: ingepachika isolusini mahali pa methionini.

Bakteria kama *E. coli* wana njia ambayo mimi naiona ya ajabu. Jeni ya tRNA inayosoma AUA imeandikwa antikodoni CAU, ambayo ni ileile ya methionini! tRNA hiyo ikishatengenezwa, kimeng'enya kiitwacho TilS huibandika asidi amino ya lisini kwenye ile C. Besi mpya, lisidini, haishiki G tena, inashika A. Hapo kodoni inayosomwa imebadilika kutoka AUG kuwa AUA.

Na si hilo tu. Kabla ya kubandikwa, tRNA hiyo huonekana kama ya methionini hata machoni pa kimeng'enya kinachopakia methionini. Ikishabandikwa, kimeng'enya hicho hakiitambui tena, na kile cha isolusini ndipo kinaikubali. Badiliko moja limerekebisha usomaji na mzigo kwa pamoja. Bakteria akinyimwa TilS hawezi kuishi.

Lakini ribosomu si itagundua kama tRNA imebeba asidi amino isiyo yake? (Muuguzi, Mwanza)

Kwa sehemu kubwa, haigundui. Jaribio la mwaka 1962 lililoonyesha hivyo lilikuwa jepesi kueleweka. François Chapeville na wenzake walichukua tRNA ya sisteini ikiwa imeshapakiwa sisteini, wakaondoa salfa kwa nikeli ya Raney. Sisteini ikageuka alanini huku ikiwa imebaki kwenye tRNA ileile. Walipoiingiza kwenye mchanganyiko wenye ribosomu, alanini ilipachikwa mahali palipotakiwa sisteini. Ribosomu ilifuata antikodoni tu.

Ndiyo maana kazi ya kulinda usahihi inawaangukia wapakiaji, yaani aminoasili-tRNA sintetesi. Kwa kawaida kila asidi amino ina ya kwake.

Isolusini na valini zinatofautiana kwa kaboni moja na hidrojeni zake mbili. Kimeng'enya kinazitenganishaje? (Mwanafunzi wa biokemia, Dar es Salaam)

Kwa kuzichekecha mara mbili. Upakiaji wenyewe una hatua mbili: kwanza asidi amino huunganishwa na AMP inayotoka kwenye ATP, kisha huhamishiwa kwenye ncha ya tRNA, ile inayoishia na CCA. Tundu la hatua ya kwanza linazuia kila kilicho kikubwa kuliko isolusini, na lusini pia haikai humo kwa sababu umbo lake ni jingine. Valini, ikiwa ndogo, inapenya. Haikai vizuri, lakini takriban mara 1 kwa kila 200 inapokelewa.

Unaweza kudhani 1 kwa 200 si mbaya. Piga hesabu: protini yenye isolusini 25 ingekuwa na kosa angalau moja katika nakala 12 hivi kwa kila 100. Seli haiendeshwi hivyo. Vipimo vya protini zilizokamilika vinaonyesha kosa hilo ni takriban 1 kwa 3,000, na kwa kiwango hicho nakala zenye kosa hazifiki 1 kwa 100.

Tofauti hiyo inatokana na tundu la pili, zaidi ya nanomita 3 kutoka la kwanza. Ncha ya tRNA ikiwa na mzigo huyumba kutoka tundu la kwanza hadi la pili. Isolusini ni kubwa mno kuingia humo, kwa hiyo inasalimika. Valini inaingia, na ikiingia inakatwa kwa maji. Alan Fersht ndiye aliyelieleza wazo hili la machekeche mawili miaka ya 1970.

Maabara utalitambua kwa ATP. Weka kimeng'enya cha isolusini, valini, ATP na tRNA ya isolusini: ATP inaliwa, inaliwa, lakini tRNA iliyopakiwa valini huioni. Mwaka 1966 Baldwin na Berg walishaona kwamba kiungo cha valini na AMP kilicho juu ya kimeng'enya huvunjika tRNA hiyo inapoongezwa. Kila valini inayotupwa imeshagharimu ATP moja.

Na chekeche la pili likitoboka? (Msomaji, Bujumbura)

Mfano bora ninaoujua si wa isolusini bali wa alanini. Mwaka 2006 ilielezwa aina ya panya ambao kimeng'enya chao cha alanini kina asidi amino moja iliyobadilika kwenye sehemu ya uhakiki. Upakiaji wa alanini uliendelea vizuri, ila serini kidogo ilikuwa inaponyoka na kuwekwa mahali pa alanini. Kosa lilikuwa dogo, lakini protini zilizojikunja vibaya zilirundikana kwenye seli za Purkinje, ambazo ni seli za neva za serebelamu, sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo, seli zikafa, na panya wakaanza kupepesuka. Seli za neva hazigawanyiki, kwa hiyo haziwezi kuzipunguza takataka hizo kwa kugawana.

Nimesikia mafuta ya mupirosini yanahusiana na haya. Kweli? (Mfamasia, Mombasa)

Kweli. Mupirosini, dawa ya bakteria inayopakwa kwenye ngozi, hukaa kwenye tundu la kwanza la kimeng'enya cha isolusini cha bakteria, pale panapokaa isolusini na AMP. tRNA za isolusini zinabaki tupu, na utengenezaji wa protini unasimama. Kimeng'enya chetu hakiishiki kwa nguvu hiyo. Usugu mkubwa huja bakteria anapopata jeni iitwayo *mupA*, mara nyingi kwenye plasmidi. Jeni hiyo humpa kimeng'enya cha pili cha isolusini ambacho dawa haikishiki, kwa hiyo kuongeza kiasi cha mafuta kwenye kidonda hakutasaidia.