Video za wazee wenye vitochi: maswali yenu

Nimeweka fonti kubwa kabisa kwenye apu ya kuediti, kwenye simu yangu inaonekana safi, ila babu kwenye kitochi anasema anaona sisimizi tu. Nikuze mpaka wapi?

Achana na namba ya fonti, pima herufi kwenye skrini ya babu mwenyewe. Vitochi vingi vinavyocheza video vina skrini ya inchi 2.4, pikseli 320 kwa 240, yaani ukikilaza unapata upana wa milimita 49 hivi na kimo cha 37. Sasa video yako ya 1920 kwa 1080 ikifika pale inaminywa mara 6, kwahiyo herufi yenye kimo cha pikseli 60 inabaki 10, hiyo ni milimita moja na nusu, hata wewe ungekunja uso. Tena juu na chini panabaki weusi mtupu kwa sababu skrini ile siyo pana kama ya smatifoni.

Weka projekti yako 4:3 tangu mwanzo ili picha ijae skrini nzima, halafu herufi kubwa ziwe na kimo cha moja ya nane ya picha. Hapo babu anapata kama milimita 4 na nusu, na hata simu yake ikicheza video imesimama bila kuigeuza bado zinabaki 3 na kitu, atasoma. Weka herufi nyeupe juu ya boksi jeusi lisilopenyeza, maana jicho la uzeeni linapoteza uwezo wa kutenganisha rangi zinazokaribiana, njano juu ya nyeupe kwake ni ukuta tu. Kivuli cha herufi toa, pikseli za kukichora hazipo, kitaishia kuzichafua.

Kwa ukubwa huo sentensi haienei, inakatika katikati ya neno.

Ndiyo, mstari utabeba herufi 14 hivi, basi. Usiandike "unatakiwa kuhakikisha umekula kabla ya kunywa dawa", andika "Kula kwanza" na chini yake "Kisha dawa". Mistari miwili kwa wakati mmoja, isizidi. Maelezo yote yabebwe na sauti, maandishi yabaki na kile anachotakiwa kukumbuka, kama "Saa 2 asubuhi".

Bibi analalamika video inakimbia, nimeshusha spidi mpaka 0.75 sasa sauti imekuwa kama ya mlevi. Nifanyeje?

Rudisha spidi ya kawaida jamani, kinachomkimbia bibi ni kwamba humpi nafasi kati ya jambo na jambo. Ongea kawaida, maliza sentensi, nyamaza sekunde 2 huku picha imetulia, ndo uendelee. Maandishi yasitoke mpaka wewe mwenyewe uyasome kwa sauti, taratibu, mara mbili, na wakati yako pale usiongelee kitu kingine maana atasoma au atasikiliza, vyote viwili hawezi.

Na muziki wa nyuma utoe kabisa. Masikio ya uzeeni yanaanza kupoteza zile sauti nyembamba, s, f, sh, t, na spika ya kitochi ni ndogo, ukiongeza muziki bibi hajui umesema saa sita au saa tisa, na kwenye dawa hilo siyo jambo dogo. Kila namba unayoitamka iandike.

Nataka kumfundisha mzee wangu kuangalia salio la M-Pesa kwa video, ila ana kitochi hicho hicho kimoja.

Hili ndo watu wengi hawaliwazi. Mzee hawezi kuangalia na kubonyeza kwa pamoja, na akishapiga \*150\*00# menyu inamsubiri kwa muda mfupi tu, akikawia inajifunga na anaona kaharibu simu. Kwahiyo video moja ya dakika 5 haimsaidii kitu, ikate vipande vya nusu dakika.

Kipande cha kwanza kiishie kwenye kupiga tu: kamera karibu na batani, kidole kikae juu ya nyota, tamka "nyota", subiri, fanya hivyo hivyo kwa alama ya reli, maana mbili hizo ndo zinazowapoteza zaidi. Menyu ikitokea, mwambie afunge, arudie mpaka azoee. Kipande cha pili kionyeshe namba za kuchagua kwa mpangilio wake, na mwisho ziache kwenye skrini sekunde 20 bila kitu kingine, huku unamwambia achukue kalamu aandike kwenye karatasi. Wakati wa kubonyeza anaangalia karatasi, siyo video. Namba hizo zipige mwenyewe siku unayorekodi, menyu hubadilishwa, na ukifika kwenye namba ya siri geuza kamera pembeni ili mzee ajue kabisa kwamba pale hata wewe huangalii.