Kupima upya grafu ya pau iliyopigwa picha, mhimili wake ukiwa haumo

"Nimetumiwa picha ya grafu ya pau iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini. Juu ya pau tatu pameandikwa asilimia 62, 65 na 71, lakini upau wa tatu unaonekana mrefu mara tano hivi kuliko wa kwanza, na mhimili wa kushoto haumo katika picha. Je, grafu imepotoshwa, au ni kamera tu? Picha nimeiambatanisha."

Kamera imeibadilisha picha kidogo, lakini tatizo limo ndani ya grafu yenyewe, na linaweza kuthibitishwa hata bila huo mhimili.

Nilianza na kamera, kwa sababu kupima picha iliyoinama ni kujidanganya. Programu za kuchora grafu kwa kawaida huzipa pau zote upana mmoja, kuanzia chini hadi juu, kwa hiyo upana ndio shahidi wangu wa kwanza ninapokagua picha za namna hii. Upau wako wa tatu una upana wa pikseli 60 chini na 57 juu, maana yake mpigaji alikuwa chini ya skrini na sehemu ya juu ilikuwa mbali zaidi na lenzi. Tofauti hiyo isidharauliwe, kwani katika picha iliyoinama hivyo urefu hubanwa kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko upana, na anayebanwa zaidi ni upau mrefu. Kwa maneno mengine, kamera ilikuwa inaupunguza upotoshaji, haikuwa inauongeza. Niliivuta picha kwa zana ya mtazamo katika programu ya kuhariri picha ya GIMP mpaka pembe nne za skrini zikawa mstatili, kisha ndipo nikapima.

Urefu niliopata ni pikseli 80, 200 na 440. Kama pau zingeanzia sifuri, uwiano wa urefu ungelingana na uwiano wa tarakimu: 71 kugawanya kwa 62 ni 1.15 hivi, ilhali 440 kugawanya kwa 80 ni 5.5. Sasa tafuta skeli. Kutoka 62 hadi 71 ni pointi 9, na urefu umeongezeka kwa pikseli 360, kwa hiyo kila pointi imepewa pikseli 40. Upau wa kwanza una pikseli 80, yaani pointi 2 tu juu ya msingi, ile thamani ambapo pau zinaanzia. Msingi basi ni 60. Kwa anayependa fomula, h ikiwa urefu na v ikiwa tarakimu iliyoandikwa:

```
msingi = v1 - h1 * (v2 - v1) / (h2 - h1)
```

Upau wa kati ndio wa kuhakikishia jibu. Pointi 5 juu ya 60, mara 40, ni pikseli 200, na ndivyo ulivyo. Kama usingelingana, ningeshuku kwamba mhimili umevunjwa katikati, kwamba skeli ni ya logi, au kwamba mtu amechora pau kwa mkono na kuzibandikia tarakimu (hili la mwisho hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani). Tarakimu kukadiriwa hadi namba nzima hakuliokoi jambo: hata nikiruhusu kosa la nusu pointi kwa kila upande, msingi unabaki kati ya 59.3 na 60.7. Sifuri iko mbali mno.

Kilichofichwa, basi, ni pointi 60 ambazo pau zote tatu zinashiriki. Ongezeko halisi ni asilimia 14.5 ya thamani ya mwanzo, lakini jicho limeonyeshwa ongezeko la asilimia 450, takribani mara 31 zaidi. Ukiuchora upya upau wa 71 kwa pikseli zilezile 440 kuanzia sifuri, wa 62 utakuwa na pikseli 384. Tofauti itaonekana, ila hakuna atakayeiita mruko.

Sisemi kwamba kila mhimili usioanzia sifuri ni udanganyifu. Grafu ya mstari au ya nukta inaweza kuanzia 60 kihalali, kwa sababu msomaji huangalia mwinuko au mahali nukta ilipo. Katika upau, urefu wenyewe ndio unaobeba thamani, na ukiukata chini umeondoa sehemu ya taarifa. Vilevile, picha iliyovutwa kwenda juu pekee haiathiri hesabu hii, kwa kuwa pau zote hurefuka kwa kiwango kimoja na uwiano wake haubadiliki.

Njia hii inategemea tarakimu mbili au zaidi zinazosomeka na miisho ya chini ya pau kuonekana. Aliyeipiga picha akikata pia chini ya pau, ukiwa na tarakimu mbili au zaidi bado utapata skeli kutokana na tofauti za vilele vyake, lakini mahali msingi ulipo hutaweza kupajua, na hapo hakuna budi kuomba grafu nzima.