Mia ya nani?

Swali la wiki: “Mtoto akifeli majaribio, arudie mada nzima au afanye mapepa mengi zaidi?”

Mimi nina steshenari hapa Mikindani, natoa kopi, kwahiyo ukiniuliza kibiashara nitakwambia mapepa, tena mengi, mlete mtoto na elfu tano yake nimtolee ya miaka yote. Ila swali lenu limenigusa pabaya maana kuna mtoto wa dada yangu amekaa kwangu toka Machi anarisiti Hisabati ya kidato cha nne, na mapepa ya bure ya mamdogo wake aliyafanya mpaka wino wa mashine ukaisha. Kumi na moja. Alikuwa anapata 31, 34, 30, 33, yani kama mtu anatembea ndani ya chumba kimoja. Akaambiwa na wenzie arudie mada, akarudia mada ya asilimia mara mbili mwanzo mwisho, pepa lililofuata 32.

Siku moja jioni umeme umekatika, dukani hakuna kazi, nikamwambia mwanangu lete hayo mapepa yote na sahani ya ming'oko tukae hapa barazani. Tukawasha tochi ya simu. Sikutaka kuangalia maksi, nilitaka kuangalia alikosea NINI. Tukachukua kaunta buku, tukachora safu: tarehe, pepa na namba ya swali, mada, alichoandika yeye, sababu ya kukosea, na ya mwisho nikaiacha wazi. Safu ya sababu ndo ilitugombanisha, maana kila swali alikuwa anasema “sikuwa makini tu mamdogo”. Nikamkataza hilo neno. Ukiruhusu “sikuwa makini” kila kosa litaingia humo na daftari litakuwa jalala. Nikamwambia niambie mkono wako ulifanya nini.

Sasa sikilizeni (maswali yenyewe yako kwa Kiingereza, naandika kwa lugha yetu). Swali la kwanza: kitu baada ya punguzo la 20% kinauzwa 24,000, bei ya awali ilikuwa ngapi? Yeye akachukua 20% ya 24,000 akaongeza, akapata 28,800. Pepa jingine, kwenye faida na hasara: mtu kauza kwa 36,000 kapata faida ya 20%, alinunua ngapi? Akatoa 20% ya 36,000, akapata 28,800 tena, mpaka tukacheka. Pepa la tatu lilikuwa kwenye mambo ya kodi: bei pamoja na kodi ya 18% ni 59,000, bila kodi ni ngapi? Akaandika 48,380.

Mada tatu tofauti kwenye daftari, asilimia, biashara, kodi, na ukihesabu kwa mada kwenye hayo mapepa matatu kila moja ina kosa moja moja tu, huwezi kusema yoyote ni dhaifu. Lakini ukisoma safu ya sababu ni kosa moja limevaa kanga tatu. Kila mara anachukua asilimia ya namba iliyoandikwa kwenye swali, wakati asilimia ni ya ile namba iliyofichwa. Hapo ndo nikaelewa kwanini kurudia mada hakukusaidia, mana mada anaijua, ukimpa 20% ya kitu anakokotoa vizuri kabisa.

Nikamuuliza kwa korosho. Nikasema mzigo umekauka umepungua 10%, saivi una kilo 450, mwanzo ulikuwa kilo ngapi? Akasema 495 bila kupumua. Nikamwambia haya, chukua hizo 495 zikaushe wewe mwenyewe, toa kumi kwa mia. Akapiga, 445 na nusu. Akanyamaza, akaweka kipande cha mng'oko chini. “Kumbe mia kwa mia ni zile kilo mia tano za mwanzo.” Akaandika mwenyewe kwenye safu ya sababu: MIA YA NANI? Mpaka leo hilo ndo jina la kosa nyumbani kwangu.

Safu ya mwisho niliyoiacha wazi ikawa ya maswali ya kufuatia. Hapa nilikosea mimi. Nilikuwa natunga kwa kuchomoa namba hewani, punguzo 17%, bei 23,450, mtoto anakwama kwenye kugawanya desimali, anakosa, halafu sijui kakosa kwa sababu ipi. Nikajifunza kuanza na jibu: naamua bei ya awali 40,000, punguzo 15%, basi swali linasema 34,000. Namba ikiwa safi, akikosa najua kakosea mia. Baadae tukahamishia kwenye Google Sheets ya simu, sababu zikakaa safu ya E, na kujua ipi imezidi ni mstari mmoja:

```
=COUNTIF(E:E,"mia ya nani*")
```

Kwa mapepa yote ikatoka 9. Ya kusahau fomula 4, ya kusoma swali vibaya 6. Basi nikawa namtungia maswali matatu ya “mia ya nani” leo, mengine baada ya siku tatu, mengine baada ya wiki, na kosa tunalifuta akipatia mara mbili kwa siku tofauti, tena bila kubahatisha. Akibahatisha anaweka nyota, jibu lenye nyota nalihesabu kosa hata kama ni sahihi.

Nilivyoanza kuandika hapa nilitaka niseme mapepa ni kupoteza karatasi. Ila lazima niseme na hili. Wiki ya pili kijana kapatia yote tisa, mimi nachekelea, nikamwekea swali la kawaida kabisa: kitenge 30,000, kuna punguzo la 20%, utalipa ngapi? Akagawanya! Akaandika 37,500. Yani punguzo limeongeza bei. Nilikuwa nimemzoesha kurudi nyuma tu, akaacha kusoma swali, anaona asilimia anagawanya. Toka hapo kila maswali matatu, moja ni la mbele lenye namba zinazofanana na la nyuma, na hasemi jibu mpaka alirudishe kwenye swali kama alivyokausha zile korosho. Na hilo tatizo ningeligundua mapema kama ningempa pepa zima lililochanganyika, mana pepa halikwambii swali hili ni la aina gani.

Kwahiyo sijui niseme mapepa hapana. Kwangu saivi anafanya pepa moja kwa wiki, siku mbili za kuchambua makosa, siku zilizobaki maswali ya kutungwa. Mapepa mawili yaliyopita 41 na 44, sio muujiza, na sijui ingekuwaje kwa mtoto asiye na mtu wa kukaa nae barazani, mana akijisahihisha mwenyewe ile “sikuwa makini” inarudi haraka sana. Na Novemba mitihani inakuja msimu wa korosho umepamba moto, huyu akiitwa kijijini kuokota daftari litalala.

Halafu kuna ile mada ya dunia kama tufe, latitudo na longitudo, shuleni kwao hawakuifikia kabisa. Daftari limeandika “sikujua” mara saba mfululizo, na hakuna swali la kutunga hapo. Hiyo nimemwambia afungue kitabu aisome yote, toka ukurasa wa kwanza.