Heroe wangu wa Manyara na mdomo usioonekana

Picha ilionyesha heroe zaidi ya 200 wakiwa kwenye maji ya Ziwa Manyara. Nilipomtumia rafiki yangu anayewajua ndege, hakusifia chochote. Aliuliza tu: "Mdomo ni mweusi wote, au ncha peke yake?"

Swali hilo ndilo lenye jibu la kila kitu. Heroe hawa ni wa aina mbili. Heroe mdogo ana mdomo wa rangi nzito, wekundu uliokolea hadi kwa mbali unaonekana mweusi mtupu. Mkubwa ana mdomo wa waridi, na weusi uko nchani tu. Nikafungua picha, nikaikuza. Pale palipotakiwa kuwa na mdomo palikuwa na doa la kahawia lenye kingo zilizolainika, mithili ya rangi iliyomwagikiwa maji.

Nilikuwa nimevuta mara 10 kwa simu, nikiamini nimemsogelea ndege. Kumbe sikusogea hata hatua moja.

Tuangalie hesabu yake, maana ni nyepesi. Kamera kuu ya simu yangu hutoa picha iliyojengwa kwa vijinukta vya rangi, nukta 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu. Lenzi yake ni pana: ukisimama mita 100 kutoka kwa ndege, inameza eneo la takriban mita 130 toka kushoto hadi kulia. Gawanya, utapata nukta kama 30 kwa kila mita. Mdomo wa heroe wenye sentimita 10 hivi unaangukia nukta 3. Tatu! Hizo ndizo zinazotakiwa zikwambie weusi unaanzia wapi.

Ukivuta mara 10, simu inakata kipande cha katikati chenye nukta 400 kwa 300, halafu inakitanua kijae picha nzima. Kila nukta ya kweli inatandazwa kufunika nafasi ya 100, na zilizoongezwa zimekisiwa kutoka kwa jirani zake. Faili inabaki kusema ni 4000 kwa 3000, ndiyo maana wengi tunadanganyika.

Rangi nayo ina balaa lake. Katika kamera nyingi kila nukta ya sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, hupima rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, na mbili zilizobaki hukisiwa kutoka kwa nukta za pembeni. Kwenye kitu kikubwa huoni tofauti. Kwenye mdomo wa nukta 3, jirani anayeulizwa huenda ni maji au manyoya ya shingo. Kisha simu inafuta chengachenga na kunoa kingo, na hapo ule ushahidi kidogo uliokuwepo unasagwa kabisa. Ukiona manyoya yamekuwa kama nta, na mstari mweupe umemzunguka ndege, usimtambue kwa picha hiyo.

Niseme ukweli, si kila kuvuta ni kubaya. Simu yenye sensa ya nukta milioni 48 ikivuta mara 2 bado inatoa kitu cha maana. Na kama simu yako ina lenzi ya mbali, bonyeza namba ya lenzi hiyo, 3x au 5x, usivute kwa vidole ukaishia katikati. Ila ihakikishe: ziba lenzi hiyo kwa kidole. Picha isipozibika kwenye kioo, simu inakata kutoka kamera kuu kimyakimya. Hufanya hivyo hasa mwanga ukipungua.

Mimi sina lenzi ya mbali, nina darubini ya 8x42, inayokuza mara 8. Niliporudi ziwani nilikunja mipira inayozunguka sehemu za kutazamia za darubini, nikaiegemeza kwenye mfuko wa mchele uliowekwa dirishani, nikamwomba dereva azime injini. Simu nikaiacha 1x, nikaisogeza taratibu kwenye jicho moja la darubini mpaka duara jeusi likatulia pembeni. Mara ya kwanza inaudhi. Duara linakimbia kila ukipumua. Nikaweka saa ya sekunde 2 ili kidole kisitikise simu, nikapiga kama picha 20. Mdomo ukapanda kutoka nukta 3 hadi kama 24.

Tulifika saa moja na nusu asubuhi, na hilo lilikuwa la makusudi. Kufika saa sita mchana, hewa juu ya tope hucheza kwa joto, na hakuna lenzi inayoweza kunyoosha hewa.

Picha sikuigusa. Nilikata kipande kwenye nakala, na ile halisi nikamtumia rafiki yangu kwa WhatsApp kama hati, maana ukiituma kama picha inabanwa tena. Alijibu baada ya dakika chache: wadogo wengi, lakini wale wanne wa kulia, warefu kuliko wenzao, midomo ya waridi yenye ncha nyeusi, ni wakubwa.