Kadi ya mkoba wa ngozi: mbele na nyuma

"Wakuu, kwenye kadi ya mkoba niandike hadithi au matunzo?"

Vyote, mkuu. Mbele achana na "ubora wa hali ya juu", kila mtu anaandika hivyo. Weka kinachoshikika: "Ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa kwa magome ya miwati, imeshonwa kwa mkono. Rangi itakolea kadiri unavyoutumia." Sentensi ya mwisho ndiyo itakayozuia mteja kuurudisha akidhani umechakaa.

Ila chungulia kwanza ukingo uliokatwa. Ukiona kijivu cha samawati katikati, huenda ngozi ilisindikwa kwa kemikali ya kromu, si kwa magome. Muulize aliyekuuzia kabla ya kutaja miwati.

Nyuma: "Ukilowa, ufute kwa kitambaa kikavu, ujaze karatasi, uuanike kivulini. Usiufungie kwenye plastiki, utaota ukungu."