Maswali na majibu: jina la benki na jina la NIDA yasipofanana

Barua nilizochagua safari hii zote zinatoka mkoani kwetu Tabora na zote zinahusu jina. Nilikaa miaka mingi dirisha la huduma kwa wateja benki, na watu waliokuwa wakirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya herufi moja bado wananiuma. Nitajibu kwa kirefu pale penye kazi kubwa.

"Shikamoo mzee. NIDA yangu inasema Ramadhani Luhende. Akaunti nilifungua mwaka 2010 kwa kadi ya mpiga kura, imeandikwa Ramadhan Ruhende. Malipo ya tumbaku yamerudi, na mkopo nimeambiwa sipati. Nianzie wapi?" – Mkulima, Urambo

Marahaba. Hapo una mambo mawili yanayofanana kwa sura lakini yanataka dawa tofauti. Kwenye kupokea fedha, jina linalotazamwa ni lile lililo kwenye akaunti. Kwenye mkopo, linalotazamwa ni la NIDA. Ukilishika hilo, utajua kila karatasi iandikwe jina lipi kwa wakati upi.

Mwaka 2010 vitambulisho vya taifa vilikuwa bado havijaanza kutolewa, vilianza 2013. Watu walifungua akaunti kwa kadi ya mpiga kura au barua ya mtendaji, na karani aliandika alivyosikia. Kwetu L na R zinabadilishana mdomoni, kwa hiyo Luhende kuwa Ruhende si ajabu. Miaka yote fedha ziliingia bila shida kwa sababu orodha ya chama cha msingi nayo ilikuwa na Ruhende. Nadhani kilichotokea msimu huu ni kwamba chama kimesahihisha daftari la wanachama kwa kufuata NIDA, orodha ikaenda benki na Luhende, huku akaunti ikiwa bado Ruhende. Namba ni sahihi, jina limegoma, malipo yakarudi.

La kwanza, basi, nenda kwa meneja wa AMCOS yenu umwombe malipo hayo yaliyorudi yatumwe tena kwa jina lililo kwenye akaunti, herufi kwa herufi. Usibadilishe kitu benki fedha zikiwa njiani, maana zitafika na kukuta jina jingine tena. Subiri ziingie.

Zikishaingia, ndipo urekebishe akaunti ifuate NIDA. Nenda kwa wakili au kamishna wa viapo uandikiwe kiapo. Kitaje majina yote mawili kama yalivyoandikwa, namba ya akaunti, namba yako ya NIDA yenye tarakimu 20, na kwamba mwenye majina hayo ni mtu mmoja, yaani wewe. Kisome kabla muhuri haujagongwa. Nimeshika viapo vilivyoletwa kutibu jina, na mchapaji ameandika jina la tatu ambalo halipo popote, mara Luhendi, mara Luhende Ramadhani. Kiapo cha namna hiyo benki hawana la kufanya nacho, na wewe umeshalipa.

Ukiwa na kiapo, kitambulisho halisi na kadi ya benki, nenda tawini, ikiwezekana tawi ulilofungulia akaunti kwa sababu faili lako la zamani liko huko. Wakala hawezi kazi hii. Utajaza fomu ya kubadilisha taarifa za mteja na watahakiki alama za vidole. Namba ya akaunti haibadiliki. Ukiambiwa tayari, usiondoke na neno "tayari" tu. Omba taarifa fupi ya akaunti iliyochapishwa na usome mstari wa juu. Jina likiwa sahihi pale, chukua nakala upeleke AMCOS ili orodha inayofuata iandikwe hivyo.

Kuna njia ya mkato ambayo watu wanashauriana vijiweni: kufungua akaunti mpya kwa NIDA na kuitelekeza ya zamani. Kwa mtu anayetaka mkopo, hiyo ni hasara. Ofisa mikopo anasoma fedha zilivyoingia na kutoka msimu hadi msimu, na akaunti mpya haina cha kusomwa. Mauzo yako ya tumbaku ya miaka yote yako ndani ya ile iliyoandikwa vibaya.

Jambo moja la mwisho kwako: kama dhamana ni shamba lenye hatimiliki ya kimila, itazame leo. Ikiwa nayo inasema Ruhende, anza mapema masjala ya ardhi ya halmashauri, maana huko foleni yake ni nyingine.

"Mimi ni mwalimu. Vyeti vyangu, barua ya ajira na akaunti ya mshahara vyote vinafanana. NIDA ndiyo imekosea, wameandika Elizabeti badala ya Elizabeth. Ofisa mikopo anasema nibadilishe jina benki lifuate NIDA. Ni sawa?" – Mwalimu, Sikonge

Hapana, mwalimu. Usiguse akaunti. Ukiibadilisha, utapata mkopo huu, kisha mshahara utaanza kutumwa kwa Elizabeth kwenye akaunti ya Elizabeti, na baadaye utaanza kuhangaika na mafao. Ofisa huyo anatazama jalada moja lililo mezani kwake, na kwa jalada hilo shauri lake linaingia akilini. Wewe una majalada mengi.

Kwa mtumishi, vyeti ndiyo mzizi, kwa sababu barua ya ajira ilitokana navyo na mshahara ukatokana na barua. Kilichopotoka ni NIDA, basi kinyooshwe hicho. Nenda ofisi ya NIDA ya wilaya na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na barua ya ajira, ujaze fomu ya marekebisho. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachobeba uzito hapo, kwa hiyo kama nacho kina jina tofauti, anzia RITA kabla ya kwenda NIDA. Ukienda NIDA na vielelezo vinavyogombana vyenyewe kwa vyenyewe, utarudishwa.

Wengine hupelekwa kuandika hati ya kubadili jina, ile inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati hiyo ni ya mtu anayeacha jina na kuchukua jingine. Wewe hujaacha jina, limekosewa kuandikwa. Waeleze NIDA hivyo na uwaonyeshe vyeti, nao ndio watakuambia kama wanahitaji kiapo juu yake.

Kujua kama marekebisho yameingia kwenye mfumo, usisubiri kadi mpya. Rudi kwa ofisa mikopo na namba yako ileile umwombe aihakiki upya, kwa sababu benki huvuta jina kutoka kwenye mfumo wa NIDA na halitegemei plastiki uliyoshika. Laini ya simu ni jambo jingine: ukipiga *106# utaona jina ulilosajiliwa nalo, lakini linaweza kubaki la zamani mpaka uende kwa mtandao wako likahuishwe. Usipofanya hivyo, siku ukitumiwa fedha kwa simu mtumaji ataona Elizabeti na kusita.

"Mwanangu yuko Dar, kanitumia fedha benki kwa benki. Kwake zimekatwa, kwangu hazijaingia. Kaandika jina langu tunavyoita nyumbani. Zimepotea?" – Mama, Ipuli

Hazijapotea, mama. Kama jina limekataliwa, ziko sehemu moja kati ya mbili: zinarudi kwenye akaunti yake, au benki yako imeziweka kwenye akaunti ya kusubiria mpaka mtumaji athibitishe ni za nani. Anayeweza kuzifuatilia ni mwanao kupitia benki yake, si wewe huku Ipuli. Awape namba ya muamala, tarehe na kiasi, aombe kwa maandishi ama jina lisahihishwe ama fedha zirudi. Wakimzungusha, apeleke malalamiko rasmi kwa benki hiyo kwanza. Jibu lisiporidhisha, Benki Kuu wana dawati la malalamiko ya wateja wa benki.

Kwa mara nyingine, mpigie picha sehemu ya juu ya taarifa yako ya akaunti, penye jina na namba, aandike kama alivyoona. Usimtumie picha ya kitambulisho, kwa sababu huenda hakifanani na akaunti. Akituma kwa simu, jina la mpokeaji hujitokeza kabla hajathibitisha, basi alisome. Na atakayekupigia kusema "fedha zako zimekwama, nitajie namba ya siri," mkatie simu papo hapo.

"Mweka hazina wa kikundi chetu, benki anatumia jina la mume, NIDA jina la baba. Tunaomba mkopo wa halmashauri. Tumtoe?" – Kikundi cha akina mama, Nzega

Msimtoe kwa hilo. Cheti cha ndoa kinaunganisha majina hayo mawili, na kwa cheti hicho benki wanaweza kurekebisha taarifa zake. Fomu za maombi ziandikeni majina ya NIDA kwa wanachama wote, kisha pelekeni benki muhtasari wa kikao unaowataja watia saini kwa majina hayohayo. Muhtasari ukiandika "Mama Shija," mtarudi kuitisha kikao kingine.

"Baba amefariki. Mahakama imeniteua msimamizi wa mirathi, lakini barua ina jina la baba la NIDA na akaunti yake ina jina jingine. Benki imekataa. Nifungue shauri upya?" – Msimamizi wa mirathi, Kaliua

Pole sana kwa msiba. Usifungue shauri jipya. Utakuwa na mirathi mbili za mtu mmoja na hapo ndipo ugomvi wa ndugu huanzia. Rudi mahakama ileile iliyokuteua, kwa jalada lilelile, uombe irekodiwe kwamba marehemu alijulikana pia kwa jina lililo kwenye akaunti.

Kabla ya kwenda, omba benki wakupe kwa maandishi sababu ya kukataa, ikitaja jina walilo nalo. Hakimu akiona barua hiyo, ombi lako linaeleweka mara moja, na ukinyimwa nenda na kadi ya benki ya marehemu au karatasi yoyote ya zamani yenye jina lile. Ongeza cheti cha kifo, kiapo chako, kiapo cha ndugu wa karibu aliyemjua baba kwa majina yote mawili, na barua ya mtendaji wa kijiji. Ndugu huyo awe tayari kufika mahakamani, kwa sababu anaweza kuulizwa.

Na kwa familia ambazo ndiyo kwanza zinaandaa kikao cha ukoo: tafuteni kwanza kadi na karatasi zote za marehemu, za benki, chama cha msingi, kiwanja. Orodhesheni kila namna jina lake lilivyoandikwa, na ziingizeni zote kwenye muhtasari wa kikao na kwenye maombi ya mahakama.